Anza na bei ya dukani, malizia na gharama: mwongozo kamili wa gharama lengwa kwa msindikaji mdogo

Mahesabu ya wasindikaji wadogo ninayoletewa huwa yameanzia mkiani. Mtu anajumlisha karanga, kopo, lebo na mshahara, anaongeza faida anayoipenda, anapata bei, kisha anashangaa duka linamwambia, "Hii ghali, kaka."

Gharama lengwa inageuza safari hiyo. Bei inatoka sokoni na faida inatoka kwenye mahitaji yako. Kinachobaki kati yake ndicho unachoruhusiwa kutumia. Wengi wanaielewa hoja hii, lakini wanakwama sehemu tatu zilezile: wanachukua bei ya rafuni kana kwamba yote ni yao, wanahesabu faida kwa asilimia isiyo sahihi, na wanaziba pengo kwa namba za kujifariji. Hizo ndizo tutakazokaa nazo.

Mfano wetu ni kopo la gramu 400 la siagi ya karanga, linalotengenezwa Dar es Salaam, makopo 1,000 kwa mwezi. Bei zote ni za kufanyia zoezi. Weka za kwako.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la manunuzi ya miezi mitatu, hata kama ni risiti kwenye mfuko wa rambo.
- Mzani wa kupima kilo na mwingine wa kupima gramu.
- Siku moja ya kuzunguka maduka yasiyopungua manane ambako mteja wako hununua.
- Bei kutoka kwa wauzaji wawili wa kila kitu kikubwa: karanga, makopo, lebo.
- Makopo 100 ya kufanyia jaribio.

Mzani usiukope kwa jirani siku moja ukaurudisha. Utauhitaji kila mkupuo.

## Hatua ya 1: Tafuta bei ambayo mteja analipa kweli

Ingia dukani, andika bei na uzito wa kila kopo linalofanana na lako. Kisha geuza kopo uangalie tarehe ya kutengenezwa, na upitishe kidole juu ya mfuniko. Kopo la 8,000 lenye vumbi na tarehe ya miezi saba iliyopita halikupi bei ya soko, linakupa matumaini ya mtu mwingine. Unatafuta bei ya makopo yanayotoka na kurudishiwa mengine.

Katika mfano wetu makopo ya gramu 400 yanayotembea yako kati ya 5,500 na 6,500. Siagi yetu haina sukari wala mafuta ya kuongeza, lakini jina halijulikani. Tunasimama kwenye 6,000.

Onyo: usilinganishe kopo la gramu 400 na la gramu 370. Gawa bei kwa uzito kwanza. Makopo hayo mawili yanaweza kulingana kimo na upana.

Ukiona unaweza kumtajia mtu bei moja pamoja na maduka matatu yanayouza kwa bei hiyo wiki hii, endelea. Kama bado unasema "kati ya elfu tano na elfu nane", rudi barabarani.

## Hatua ya 2: Shuka kutoka rafuni hadi mlangoni kwako

Shilingi 6,000 si yako. Ni ya mteja, na njiani inapita mikononi mwa watu.

Muuza duka anasema anaweka asilimia 20. Hapa ndipo hesabu nyingi hufia. Asilimia 20 ya nini? Kama ni ya bei anayouzia, anabaki na 1,200 na anakulipa 4,800. Kama ni juu ya bei aliyonunulia, anakulipa 5,000. Tofauti ni shilingi 200 kwa kopo, na mwishoni utaona shilingi 200 zinavyotafutwa kwa tochi. Kwa hiyo usimuulize asilimia. Muulize, "Ukiliuza elfu sita, unataka kulinunua kwa ngapi?" Atakujibu kwa shilingi, na shilingi haina tafsiri mbili.

Wetu alijibu 4,800. Msambazaji naye anataka asilimia 10 ya bei anayoliuzia duka, yaani 480. Basi:

```
Bei ya rafuni            6,000
Toa fungu la duka       -1,200
Toa fungu la msambazaji   -480
Bei ya kiwandani         4,320
```

Onyo: kama umesajiliwa VAT na bidhaa yako inatozwa, ile 6,000 ina kodi ndani yake. Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, gawa kwa 1.18 kabla ya kutoa fungu la mtu yeyote. Usitoe asilimia 18 ya 6,000, maana utakuwa umetoa kingi mno. Msindikaji wetu hajasajiliwa, kwa hiyo tunaendelea.

Msambazaji akiiona karatasi hii asiipinge, hatua imekamilika.

## Hatua ya 3: Amua faida kabla ya kuangalia gharama

Mpangilio huu ni wa makusudi. Ukiangalia gharama kwanza, faida utaikata mpaka itoshee. Sisi sote tunafanya hivyo.

Faida itokane na kazi utakayoipa. Msindikaji wetu anahitaji kwa mwaka 4,800,000 za kurudisha mkopo wa ndugu, 3,000,000 za kununua mashine ya kujazia, na 2,600,000 za kodi ya mapato na kukuza mtaji wa mzunguko. Jumla ni 10,400,000. Gawa kwa makopo 12,000 ya mwaka, upate kama 867 kwa kopo. Hiyo ni karibu sana na asilimia 20 ya 4,320, ambayo ni 864. Tukaandika 864.

Onyo: posho yako mwenyewe haimo humu. Ukishinda kiwandani kutwa, hiyo ni kazi, na kazi ni gharama. Mtu anayejilipa kwa faida hugundua siku anapougua kwamba hakuwa na faida kabisa, bali alikuwa kibarua wake mwenyewe asiye na likizo.

Sasa toa:

```
Gharama inayoruhusiwa = 4,320 - 864 = 3,456
```

Iandike ukutani. Kuanzia hapa namba hii haijadiliwi kwa sababu karanga zimepanda au fundi amechelewa.

## Hatua ya 4: Pima gharama ya sasa kwa kopo moja

Kila kitu kishushwe hadi kwenye kopo moja. Vya mwezi, kama kodi ya pango, gawa kwa makopo 1,000. Mashine za milioni 6 zitakazotumika miaka mitano ni 100,000 kwa mwezi, yaani 100 kwa kopo.

| Kitu | Shilingi kwa kopo |
|---|---|
| Karanga na chumvi | 1,810 |
| Kopo na mifuniko | 650 |
| Lebo na foili | 250 |
| Katoni | 80 |
| Kazi | 720 |
| Gesi na umeme | 110 |
| Usafiri | 130 |
| Pango na vibali | 250 |
| Mashine | 100 |
| Makopo yanayorudi | 40 |
| Jumla | 4,140 |

Leo anabaki na 180 kwa kopo, sawa na 180,000 kwa mwezi. Pengo ni 4,140 kutoa 3,456, yaani 684.

Mstari unaodanganya kuliko yote ni wa karanga. Wengi huandika gramu 400 mara bei ya kilo. Lakini kilo moja ya karanga zilizobanguliwa haitoi kilo ya siagi. Pima kila hatua kwa mzani wako. Msindikaji wetu alipopima, uchambuzi uliondoa asilimia 9 (zilizooza, zilizosinyaa, mawe), ukaangaji ukaondoa asilimia 6 ya maji, ngozi nyekundu zikachukua asilimia 3.5, na asilimia 3 ikabaki imenata ndani ya mashine. Zidisha 0.91 × 0.94 × 0.965 × 0.97 upate 0.80. Kila kopo la gramu 400 linakula gramu 500 za karanga. Kwa 3,600 kwa kilo, hiyo ni 1,800, na chumvi 10.

Ujaribu ukweli wa jedwali lako hivi: zidisha kila mstari wa fedha taslimu kwa makopo uliyotengeneza mwezi uliopita, ulinganishe na pesa iliyotoka. Zikipishana kwa zaidi ya kama asilimia tano, kuna kitu umekisahau. Mara nyingi ni nauli za bodaboda.

## Hatua ya 5: Gawa pengo, usilitupe lote kwenye karanga

Kabla ya kukata chochote, jiulize mteja analipia nini. Wateja wa siagi hii waliulizwa dukani. Walitaja ladha, kutokuwa na sukari, na kopo lisilovuja kwenye mkoba. Hakuna aliyetaja lebo ya nyuma. Basi mkato uanzie mahali ambapo mteja hataona tofauti.

Kuna mstari mmoja ambao haukatwi: uchambuzi wa karanga. Karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na ukaangaji hauimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Asilimia 9 zinazotupwa zisipungue kwa kulegeza macho mezani. Zipungue kwa kununua karanga bora. Na zilizotupwa zisiuzwe kwa mkamua mafuta wala mfuga kuku.

### Karanga: bei kubwa inaweza kuwa gharama ndogo

Muuzaji wa sokoni alikuwa na karanga za daraja la juu kwa 3,700. Msindikaji wetu alizikataa, maana ni shilingi 100 zaidi kwa kilo. Tukazijaribu kilo 20. Zilizotupwa zikawa asilimia 5 badala ya 9. Tena akaanza kusaga mikupuo mfululizo siku moja badala ya kuosha mashine kila siku, na kilichonata kikashuka kutoka asilimia 3 hadi 1. Sasa mavuno ni asilimia 85.3, na kopo linakula gramu 469. Mara 3,700 ni 1,735. Karanga ghali, pamoja na kusaga mfululizo, zimepunguza gharama kwa 65.

Ndiyo maana huwa sisikilizi bei ya kilo peke yake. Naomba bei ya kilo na asilimia ya mavuno, pamoja.

Baadaye akaungana na wenzake wawili, wakawa wanaleta mzigo mmoja kwa mwezi kutoka kwa mkusanyaji wa Dodoma: karanga za daraja lilelile kwa 3,300, na 150 ya usafiri na mifuko. Kwa 3,450 kopo linabeba 1,618. Jumla ameokoa 182.

Onyo: mzigo wa mwezi unahitaji stoo kavu na mbao za kuinua magunia sakafuni. Ukilowa, umenunua sumukuvu kwa bei ya jumla.

### Kopo na lebo

Makopo alikuwa akinunua 500 kila safari. Kwa 3,000 mara moja, bei ilishuka kutoka 650 hadi 530. Ameokoa 120. Lebo mbili, ya mbele na ya nyuma, zikawa moja inayozunguka, na zile taarifa za lazima (uzito halisi, viungo, tarehe za kutengenezwa na kuisha, jina na anwani ya mtengenezaji) zote zimebaki. Ameokoa 80.

### Kazi: muda uliookolewa si pesa iliyookolewa

Hapa watu hujidanganya sana. Mtu ananunua faneli yenye mpini, kujaza kunakwenda haraka, anaandika "nimeokoa asilimia 30 ya kazi". Lakini kama mfanyakazi analipwa kwa mwezi, hakuna shilingi iliyobaki mfukoni. Kilichopatikana ni watu kukaa.

Kwenye 720 ya kazi, 220 ni ya mfanyakazi wa kudumu, 280 ni posho ya mmiliki, na 220 ni ya kibarua wa siku anayelipwa 11,000 kwa siku 20. Faneli ilipunguza siku za kibarua hadi 14. Ni huyo peke yake anayehesabika: 66 kwa kopo. Faneli yenyewe ilitengenezwa na fundi kwa 90,000, na kwa miaka mitano haifiki shilingi mbili kwa kopo. Bila shaka, kwa kibarua huo ni mshahara wa siku sita. Mmiliki alimtafutia siku hizo kwa mmoja wa wale wenzake wawili, na nadhani alifanya vyema.

### Usafiri

Kupeleka kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki kumeshusha 130 hadi 75. Ameokoa 55.

Jumlisha: 182, 120, 80, 66 na 55 ni 503. Gharama sasa ni 3,637. Pengo lililobaki ni 181.

## Hatua ya 6: Jihadhari na shimo la "tutauza zaidi"

Ukifika hapa umechoka, na wazo moja tamu linakuja. Pango, mashine na posho ya mmiliki ni 630 kwa kopo kwa sababu makopo ni 1,000. Yakiwa 1,400, ni 450. Umeokoa 180! Pengo la 181 limekwisha kwa kubadilisha namba moja.

Ikatae. Hakuna aliyeahidi kununua makopo 400 ya ziada. Gharama haijashuka, imegawanywa kwa wateja ambao hawapo. Mauzo yasipokuja, unabaki na pango lilelile, na siagi stoo ambayo mafuta yake yanapanda juu. Tumia idadi kubwa pale tu una oda ya maandishi, au mauzo ya miezi mitatu mfululizo kwenye kiwango hicho.

Shimo la pili ni kupunguza uzito kimyakimya. Gramu 370 kwenye kopo lililoandikwa 400 ni udanganyifu, na mkaguzi wa vipimo ana mzani. Ukitaka gramu 370, andika 370, kisha urudi hatua ya 1, kwa sababu bei yako ya soko imebadilika.

Msindikaji wetu aliangalia upande mwingine, njia ya mauzo. Kati ya makopo 1,000, 400 yalikuwa yanaishia kwenye maduka ya mitaa ya jirani. Akakubaliana na msambazaji kwamba hayo atayapeleka yeye msindikaji mwenyewe kwa bajaji. Kila kopo hapo linaingiza 480 zaidi, bajaji inachukua 120 zaidi, inabaki 360. Kwa wastani wa makopo yote ni 144. Faida ya 864 haijaguswa, kwa hiyo gharama inayoruhusiwa imepanda kwa haki hadi 3,600. Haki kwa sababu imepandishwa na bei halisi, si na huruma.

Onyo: usifanye hivi nyuma ya mgongo wa msambazaji. Yale makopo 600 bado yako mikononi mwake.

Zikabaki 37. Alitaka tuzisamehe, maana ni asilimia moja tu. Nilimkatalia: ukisamehe 37 leo, mwezi ujao utasamehe 90. Zilipatikana mahali pa kipuuzi. Kopo lilikuwa na mfuniko wa nje, mfuniko mdogo wa ndani, na foili. Foili inaziba hewa na kuonyesha kama kopo limefunguliwa, kwa hiyo ule mdogo haukuwa na kazi. Muuzaji aliuondoa na kushusha bei kwa 40.

Gharama ni 3,597, inayoruhusiwa ni 3,600.

## Hatua ya 7: Thibitisha kwa makopo 100 kabla ya kuagiza lebo

Tengeneza makopo 100 kwa njia mpya yote, bila kuusaidia mzani. Pima karanga zilizoingia: kwa mavuno ya asilimia 85.3 zinatakiwa kilo 47 hivi. Zikifika 49, mavuno uliyoandika hayapo. Geuza makopo kumi kichwa chini usiku kucha kuona kama foili peke yake inazuia mafuta. Peleka makumi mawili dukani bila kusema umebadilisha nini, usikilize.

Likishindikana jaribio, usitie saini oda ya lebo 3,000. Rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 8: Weka kengele kwenye karanga

Nafasi uliyobakiza ni shilingi tatu. Kila karanga zinapopanda 100 kwa kilo, kopo linapanda 47, kwa sababu linakula gramu 469. Kwa hiyo weka alama mbili kwenye daftari. Ya kwanza, karanga zikifika 3,550 mpaka stoo (usafiri ndani), kaa uangalie upya mistari ya gesi, katoni na makopo yanayorudi, ambayo hatukuigusa. Ya pili, zikifika 3,750 faida itakuwa imepungua kwa karibu 140. Hapo zungukia yale maduka manane tena. Kama wenzako nao wamepandisha, bei ya soko imehama, na hesabu yote inaanza upya kutoka hatua ya 1. Kama hawajapandisha, mtu anajua kununua karanga kuliko wewe, na kazi yako ya wiki hiyo ni kujua ananunua wapi.